Hotuba ya Meneja Imekwisha, Pesa Zimepotelea Wapi? Utatuzi wa hotuba ya kutangaza ulipaji wa ada ya bima kwa simu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwaandikia mameneja wa matawi hotuba hapa Mombasa, nyingi zikiwa za kampuni za bima. Hotuba ya kutangaza kwamba ada ya bima sasa inalipwa kwa simu huonekana nyepesi kuliko zote. Kila mtu mjini ana M-Pesa, tangu ilipoanza mwaka 2007, na watoto wetu wamekua wakiiona. Kwa hiyo meneja hudhani kazi yake ni kutaja nambari ya Paybill, kushukuru watu na kukaribisha soda.

Ubovu wa hotuba ya namna hii hauonekani ukumbini. Watu hupiga makofi vizuri tu. Huonekana Jumatatu, kwenye kaunta, mteja anapotoa simu mfukoni, anaonyesha ujumbe wa M-Pesa na kusema, "Nimelipa, mbona naambiwa bima yangu haiko?" Meneja huanza kuulaumu mtandao au mfumo. Mara nyingi kosa limo kwenye maneno yaliyosomwa ukumbini, na linaweza kufuatiliwa kama fundi anavyofuatilia sauti ya injini. Nitaanza na dalili ninazokutana nazo zaidi.

Dalili: watu wanafika wakiuliza fidia yao itaingia lini

Hii ndiyo rahisi kuitambua. Siku mbili baada ya hafla, wanaokuja si wa kulipa, ni wa kudai. Mama mmoja alikuja na karatasi za hospitali na nambari yake ya simu imeandikwa kubwa juu ya bahasha, ili atumiwe pesa.

Chanzo ni kichwa cha hotuba. Tulikuwa tumeandika "huduma mpya ya malipo ya bima kwa simu". Kwa aliyeko ofisini, malipo ya bima ni yale anayotoa mteja. Kwa mteja, malipo ya bima ni yale anayopewa yakimfika. Yeye ndiye mwenye Kiswahili sahihi zaidi, kwani amenunua bima ili siku moja ilipe. Neno "malipo" halisemi nani anatoa na nani anapokea.

Dawa yake ni kuliacha neno hilo kabisa katika hotuba hii. Sema "kulipia bima kwa simu". Irabu hiyo moja ya "kulipia" inamweka mteja upande wa anayetoa. Ukitaja fidia, sema "kulipwa fidia", na useme waziwazi: "Leo hatuzungumzii kulipwa fidia. Fidia inabaki na utaratibu wake ule ule." Sentensi hiyo moja huokoa foleni ya wiki nzima.

Neno "ada" nalo lina mtego wake. Ukisema "ada ni juu ya mteja", kuna ada ya bima na kuna zile shilingi zinazokatwa na M-Pesa kwa kutuma. Mimi huziita za pili "makato", na siziiti vingine tangu mwanzo wa hotuba hadi mwisho. Kabla ya kuandika, muulize mhasibu ni nani anayabeba makato kwenye Paybill ya kampuni: mteja, kampuni, au wanagawana. Ikiwa ni mteja, hotuba lazima iseme. Mwenye bima ya shilingi 1,500 ambaye ameweka shilingi 1,500 kamili kwenye simu hatafanikiwa, na ataenda zake akiamini huduma haifanyi kazi.

Dalili: wateja wanakwenda duka la M-Pesa na pesa taslimu

Hotuba ilisema, "Mwone wakala wako akusaidie." Meneja alimaanisha wakala wa bima. Lakini mtaani wakala ni yule aliyekaa kwenye kibanda cha kijani. Wazee wawili wa Kongowea walikwenda kwa muuza laini, wakampa pesa na kumwambia awalipie bima. Kijana wa watu akawawekea pesa kwenye simu zao, kama anavyofanya kila siku, nao wakaondoka wakijua wamekwisha lipa. Pesa zilibaki kwenye simu zao. Hazikupotea, lakini bima haikulipwa.

Utaijua dalili hii kwa swali moja kwenye kaunta: mwombe mteja ujumbe wa M-Pesa. Kama unasema ameweka pesa, na hauna jina la kampuni wala neno la akaunti, basi hakuna kilicholipwa. Ujumbe wa kulipia Paybill hutaja kiasi, jina la aliyepokea, na akaunti aliyoiandika mteja, na mbele kabisa huwa na herufi na tarakimu kumi za kumbukumbu.

Siku hizi hotuba zangu zinasema "ajenti wa bima" mahali pote, maneno yote mawili, hata kama yamejirudia mara ishirini. Na kuna sentensi moja inayoeleza njia nzima: "Duka la M-Pesa ni la kuweka pesa kwenye simu yako. Kulipia bima unafanya mwenyewe, baada ya hapo, kwenye simu yako."

Dalili: pesa zimefika kwenye kampuni, lakini bima haijalipwa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Anayelipa Paybill huandika nambari mbili. Ya kwanza ni nambari ya biashara, ambayo ni moja kwa wateja wote. Ya pili ni nambari ya akaunti, ambayo kwa bima huwa ni nambari ya bima ya mteja mwenyewe, ile iliyo kwenye hati yake. Kwenye simu ya kawaida hatua zinakwenda hivi:

```
Lipa na M-PESA
Pay Bill
Enter business no.
Enter account no.
Enter amount
Enter M-PESA PIN
```

Katika hotuba nyingi nambari ya kwanza husomwa mara tatu na kuandikwa kwenye bango. Ya pili hupewa nusu sentensi: "na akaunti ni nambari yako." Nambari yangu ipi? Wateja walijaza pengo hilo wenyewe. Wengi waliandika nambari ya simu, kwa kuwa ndiyo mtu anayoikumbuka. Wenye magari na tuktuk waliandika nambari ya gari. Wengine waliandika kitambulisho. Mmoja aliandika jina lake la kwanza.

Na simu ilikubali. Hapo ndipo meneja hushangaa, maana alidhani akaunti isiyokuwepo itakataliwa. Inategemea jinsi Paybill ya kampuni ilivyounganishwa na mfumo wake. Kampuni inaweza kuomba kila nambari ya akaunti ihakikiwe kabla pesa hazijapokelewa. Isipoomba, Paybill hupokea chochote kilichoandikwa pale, na pesa zikifika huwekwa kwenye akaunti ya pesa zisizotambuliwa mpaka mtu wa hesabu azitafutie mwenyewe. Muulize mtu wa kompyuta wa makao makuu swali hili moja kabla hujaandika neno la kwanza la hotuba: "Mteja akikosea akaunti, simu itamkatalia au itampokea?" Akijibu itampokea, basi nusu ya hotuba yako iwe juu ya nambari ya akaunti.

Katika bima hili ni zito kuliko kukosea bili ya maji. Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, kifungu cha 156, inasema kampuni haichukui hatari ya mteja mpaka ada iwe imepokelewa. Mteja aliyeandika nambari ya simu anaweza kubishana kwamba kampuni ilipokea pesa zake, na huenda ana haki. Lakini siku tuktuk yake imegonga mtu Mwembe Tayari, hatataka mabishano. Atataka mfumo uonyeshe kwamba alikuwa na bima asubuhi hiyo.

Kwa hiyo hotuba inayofanya kazi huizungumzia akaunti namna hii:

"Ndugu zangu, naomba sasa kila mmoja atoe hati yake ya bima. Aliye nayo aishike juu. Angalieni upande wa juu kulia, kuna nambari inaanza na herufi MSA. Hiyo ndiyo nambari ya akaunti. Si nambari ya simu, si kitambulisho, si nambari ya gari. Aliyeacha hati nyumbani, ajenti wake wa bima anayo, na atamwandikia kwenye kadi kabla hajatoka mlangoni."

Kisha meneja anyamaze. Anyamaze kweli, nusu dakika, watu watafute. Kwenye nakala yake huwa naandika kwa herufi kubwa NYAMAZA, kwa sababu meneja akiona ukimya huogopa na kuanza kutoa shukrani.

Na kama nambari ina sufuri, isemwe. Chukua mfano wa `MSA004512`. Meneja akisoma "emu, esi, ei, oo, oo, nne", nusu ya ukumbi itaandika herufi O. Kwenye mazungumzo tumezoea kuita sufuri "oo", na kwenye simu hivyo ni vitu viwili tofauti. Asome: "Emu, esi, ei. Halafu sufuri mbili. Halafu nne, tano, moja, mbili." Asome tarakimu moja moja, asiseme "elfu nne mia tano na kumi na mbili", kwa kuwa hapo mtu huandika 4512 na kuziacha sufuri nje.

Dalili: walilipa siku moja baada ya bima kuisha, na wanaapa walilipa kwa wakati

Kosa hili nimelifanya mimi mwenyewe, na bado linaniuma. Nitalieleza lilivyokuwa.

Meneja alikuwa na wateja wengi wa tuktuk, ambao hulipia bima ya mwezi mmoja mmoja. Vyeti vya kundi zima vilikuwa vinaisha Alhamisi tarehe 14, saa sita usiku. Nikaandika kwenye hotuba: "Hakikisheni mmelipia kabla ya saa sita usiku wa Ijumaa." Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale. Kwetu siku inaanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi jioni, watu wanaposoma Yasini. Nilipoandika sikuona utata wowote.

Ukumbini, wazee wa Kuze na wa Majengo walinielewa, na walilipa Alhamisi. Lakini nusu ya wenye tuktuk ni vijana waliotoka bara, na kwao usiku wa Ijumaa ni Ijumaa yenyewe baada ya chakula cha jioni. Walilipa Ijumaa saa tatu usiku, wakiwa na furaha kwamba wamewahi. Mmoja wao alikuwa amesimamishwa na polisi Ijumaa hiyo hiyo saa nne asubuhi pale Buxton, cheti kimeisha. Kuendesha bila bima ya mtu wa tatu ni kosa chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Alinionyesha karatasi ya bondi, na hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwalimu, mlisema Ijumaa."

Meneja alidhani tatizo ni la vijana wasiosikiliza. Niligundua chanzo nilipoorodhesha waliochelewa na kuangalia wanatoka wapi. Hakukuwa na mzaliwa wa pwani hata mmoja kati yao. Dalili ikifuata asili ya wasikilizaji namna hiyo, tafuta neno, usitafute mtandao.

Sasa siandiki tena mwisho wa muda wa usiku katika hotuba yoyote. Hata kama cheti kinaisha saa sita usiku, hotuba inasema: "Cheti chako kinaisha Alhamisi, tarehe 14. Lipia siku hiyo ya Alhamisi kabla ya saa nane mchana." Siku na tarehe pamoja, na saa ya mchana. Saa nane ina sababu yake pia. Mteja akikosea akaunti, ofisi bado iko wazi na mtu wa hesabu yupo wa kuhamisha pesa. Akilipa saa tano na dakika hamsini usiku na kukosea, hakuna wa kumsaidia mpaka asubuhi, na asubuhi cheti kimekwisha.

Jambo la pili kwenye kisa hicho hicho: hotuba ilisema, "Ukilipa tu, umelindwa papo hapo." Sentensi tamu, na meneja aliipenda. Iondoe. Kulipia kwa simu kunapeleka pesa, na kutoa cheti kipya ni hatua nyingine, ambayo huenda ikachukua dakika au saa kulingana na ofisi. Na kwa bima ya maisha iliyokwisha kukatika kwa kutolipiwa, simu itapokea pesa bila kuuliza, lakini bima haifufuki kwa hilo peke yake. Mara nyingi kampuni hutaka fomu, na wakati mwingine maelezo ya afya. Mwenye bima iliyokatika asikie ukumbini kwamba aanzie ofisini, asianzie kwenye simu. Badala ya sentensi ile tamu, weka hii: "Ukishalipia, subiri ujumbe wa M-Pesa, kisha subiri cheti chako. Ukiwa na cheti, ingia barabarani."

Dalili: maajenti wanapiga makofi, kisha wanawaambia wateja mtandao uko chini

Hii huchukua wiki tatu kujitokeza. Malipo ya simu yanapanda wiki ya kwanza, halafu yanashuka. Ukiwauliza wateja, wanasema ajenti wao amewashauri wasubiri kidogo, mambo hayajatulia.

Rudi kwenye hotuba utafute sentensi inayofanana na hii: "Sasa hamhitaji kumsubiri ajenti." Imeandikwa kumfurahisha mteja. Ajenti aliyekaa safu ya pili ameisikia kwa sikio lingine: kazi yangu imekwisha. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka amepanda matatu ya Likoni, akavuka feri, akazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya shilingi mia tano hapa na elfu moja pale. Kamisheni yake anaihusisha na kule kushika pesa. Hakuna aliyemwambia vingine.

Kwanza, maajenti wasiisikie habari hii mara ya kwanza mbele ya wateja wao. Meneja awaite peke yao, siku moja kabla au hata saa moja kabla, na awaambie jambo moja tu wanalotaka kujua: kamisheni inafuata nambari ya ajenti iliyoandikwa kwenye bima, haifuati mkono uliopokea pesa. Awaonyeshe kwenye taarifa ya kamisheni, mstari kwa mstari, bima iliyolipwa kwa simu na kamisheni iliyoingia. Maneno matupu hayatoshi hapo. Wakiuliza kama nao watapata ujumbe mteja wao akilipa, meneja ajibu kile mfumo unachofanya leo, asijibu kile alichoahidiwa na makao makuu.

Kisha kwenye hotuba ya wote, ajenti apewe kazi yake mpya mbele ya mteja, na itajwe kwa jina: kumwandikia nambari ya bima kwenye kadi, kumkumbusha tarehe, kumsaidia akikosea. Niliandika hivi kwa meneja mmoja, na maajenti waliniomba nakala: "Ajenti wako wa bima ndiye anayeijua nyumba yako na shida yako. Simu haikujui. Kilichobadilika ni pesa tu, kwamba hazipiti tena mkononi."

Sentensi hiyo ya mwisho pia inafungua mlango wa jambo ambalo meneja huogopa kulisema, la pesa kutumwa kwenye simu ya ajenti mwenyewe. Mteja aliyezoea humtumia ajenti wake kwa nambari ya kawaida, naye akalipie. Wengi ni waaminifu na hulipia. Lakini pesa zikikwama siku tatu kwenye simu ya mtu, bima haijalipwa siku tatu. Ukilisema kwa ukali umewavunjia maajenti heshima mbele ya watu wao, na Mombasa hilo halisahauliki. Ukilinyamazia, limebaki. Nimeona likipita vizuri likisemwa kama sitara ya ajenti: "Tusimtwike ajenti wetu mzigo wa kushika pesa za watu. Hata akiwa ndugu yako wa damu, lipia Paybill, umpe yeye amani." Na kama ajenti anamlipia mzee asiyeweza kubonyeza simu, ni sawa, ila pale kwenye akaunti iandikwe nambari ya bima ya mzee, na mzee asomewe ujumbe uliorudi.

Dalili: wenye ada kubwa wanarudi wakisema imekataa

Hii ni fupi. M-Pesa hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja. Mwenye lori la bandarini au bima ya ghala anaweza kuvuka hapo. Meneja amtajie kwamba atalipa kwa awamu mbili, akaunti ikiwa ile ile mara zote, au aende benki kama zamani. Kama hakuna wateja wa namna hiyo ukumbini, usilitaje kabisa.

Dalili: nusu ya watu hawakusikia nambari

Angalia saa. Hotuba ilianza saa sita kamili, salamu na itifaki zikachukua dakika ishirini na tano, na meneja alipofika kwenye Paybill, adhana ya adhuhuri ikaingia. Ama alisoma juu ya adhana, na watu wakaacha kumsikiliza kwa heshima, ama alinyamaza na waliotaka kuwahi swala ya jamaa wakatoka. Panga kuanza saa nne, na nambari iwe imesomwa kabla ya saa tano. Salamu ziwe za pamoja: "Wazee wetu, mama zetu, maajenti wetu wa bima, ndugu zangu nyote, assalaam alaikum na hamjambo." Inatosha. Wakubwa walioalikwa wasalimiwe mwishoni, wakati wa chakula.

Kuijaribu hotuba kabla ya siku yenyewe

Hakuna marekebisho ninayoyaamini mpaka niyasikie kwa mtu asiyeifahamu bima. Siku moja kabla ya hafla ya mwisho niliyoandikia, meneja alisoma hotuba yote ofisini kwake, na aliyesikiliza alikuwa dada anayewapikia chai. Tulimpa hati ya bima ya meneja mwenyewe na shilingi mia moja kwenye simu yake, tukamwambia afanye yale aliyosikia, alipie shilingi kumi, bila kutuuliza.

Aliweka kikombe chini. Akafungua Lipa na M-PESA, akaingia Pay Bill, akaandika nambari ya biashara kutoka kichwani, maana meneja aliisoma vizuri. Kwenye `Enter account no.` akasimama. Akaitazama hati, akapitisha kidole juu kulia kama alivyoambiwa, na hapo palikuwa na nambari mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ilikuwa ya risiti ya zamani, na ilikuwa na tarakimu nyingi. Ya chini ndiyo iliyoanza na MSA. Kidole chake kilikwenda kwenye ile ya juu.

Tulimsimamisha. Meneja akachukua kalamu akaongeza kwenye nakala yake: "Kuna nambari mbili pale juu. Yako ni ya chini, yenye MSA." Akarudia kuisoma sehemu hiyo. Dada akafuta, akaandika upya herufi moja moja huku akizitamka, akaweka kumi, akaweka PIN akiwa ameificha simu kifuani. Ujumbe ukaingia. Akausoma kwa sauti mpaka kwenye akaunti, na meneja akaufuatisha kwa kidole kwenye hati yake.